Kunukuu mahojiano kwenye dizatesheni na kujua yana uzito gani: mwongozo kamili

Hii naiandika kwa sababu nimechoka kurudisha kazi zenye kosa lile lile. Mwanafunzi ameenda field, amekaa na wazee wiki tatu, kaungua jua, kala vumbi, halafu sura ya nne unakuta sentensi nzito kama "Serikali ilichoma nyumba zote za kijiji mwaka 1974" na mbele yake mabano: (Mahojiano, 2023). Mahojiano na nani? Alikuwepo? Aliona au alihadithiwa? Mkaguzi akiuliza hivyo kazi yote inayumba, na wala si kwamba mzee alidanganya, ni wewe hukuonyesha ushahidi umesimamia wapi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 2012 nilikuwa kijiji kimoja Dodoma vijijini nauliza habari za Operesheni Vijiji, ile ya watu kuhamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kukusanywa kwenye vijiji. Majina ya wazee na ya kijiji sitayataja kwa sababu niliwaahidi, kwa hiyo utawaona kwa namba tu.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza, maana hatua zote zinakizunguka: kinachopimwa ni sentensi, sio mzee. Watu wengi wanauliza "huyu mzee anaaminika?" wakijibu ndiyo wanabeba kila alichosema. Mzee huyo huyo, ndani ya dakika moja, anaweza kukwambia jambo aliloliona kwa macho yake, jambo alilolisikia kilabuni, na maoni yake. Hayo ni mambo matatu na kila moja lina uzito wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kibali. Tanzania mwanafunzi anaanza na barua ya chuo, inashuka mkoani, wilayani, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Beba kopi nyingi, kila ofisi inabaki na yake.
- Rekoda au simu yenye nafasi, na pawabenki. Usitegemee umeme wa kijijini.
- Fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa msimulizi. Kwa asiyesoma, ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, kama chuo chako kinairuhusu (uliza mapema).
- Daftari la karatasi. Rekoda haioni mzee akinyoosha kidole kuelekea mlimani.
- Kalenda ya matukio. Hii ndo wengi hawana, na ndo hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Tengeneza kalenda ya matukio

Usimuulize mtu wa miaka sabini "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka, kwa heshima tu asikuangushe, na wewe utauandika kama vile umetoka kwenye rejista. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo yaliyopangana.

Chukua karatasi uorodheshe matukio ambayo tarehe zake zinajulikana na ambayo mtu wa eneo lile lazima aliyasikia. Yangu ilikuwa hivi: uhuru Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, Operesheni Dodoma 1970 hadi 1971, kuuawa kwa Karume Aprili 1972, tangazo la Mwalimu la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, njaa ya 1974 na 1975, TANU na ASP kuungana kuwa CCM Februari 1977, vita vya Kagera 1978 na 1979. Halafu ongeza ya kifamilia, hayo utayapata hapo hapo: mtoto wa kwanza alizaliwa lini, alioa lini, nani alikuwa tumboni wakati wa kuhama.

Swali sasa linakuwa: "Mlivyohama, vita ya Amini ilikuwa imeshapigwa?" "Huyu binti yako mkubwa alikuwa anatembea?" Cheti cha ubatizo cha yule binti kikiwepo, umeshapata mwaka ambao unaweza kuutetea.

Umefanikiwa kama kila tukio kubwa kwenye rekodi umelibana kati ya matukio mawili yenye tarehe, hata kama mwaka wenyewe hujaupata. "Baada ya kuuawa kwa Karume na kabla ya vita ya Kagera" ni ushahidi mzuri kuliko "1974" iliyotajwa kwa kubahatisha.

## Hatua ya 2: Anza rekodi kwa kujitambulisha, kila mara

Washa rekoda, sema tarehe, mahali, namba ya msimulizi, lugha mtakayoongea, na nani mwingine amekaa hapo. Hilo la mwisho usiliruke. Siku moja nilihoji mama mmoja kumbe shemeji yake, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi enzi hizo, amekaa kwenye kigoda mlangoni anachonga mpini. Mama alisema kila kitu kilikwenda vizuri, watu walihama kwa hiari. Siku nne baadaye nikamkuta kisimani, akasema mengine kabisa. Kama nisingekuwa nimerekodi nani alikuwepo mara ya kwanza, ningebaki na mahojiano mawili yanayopingana bila kujua kwa nini.

Faili likimalizika lipe jina siku hiyo hiyo, kabla hujalala, kwa mtindo mmoja:

```
M04_2012-08-14_a.wav
```

Namba ya msimulizi, tarehe, kipande. Majina halisi yanakaa kwenye karatasi nyingine, mbali na rekodi.

## Hatua ya 3: Mweke msimulizi mahali alipokuwa

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Mzee anasema "tulihamishwa". Huyo "tu-" ni nani? Anaweza kuwa yeye na mkewe, anaweza kuwa ukoo, anaweza kuwa kijiji kizima. Nilikutana na jamaa aliyekuwa anasimulia vizuri sana, "tulibebwa, tulimwagwa porini", nikapiga hesabu ya umri wake nikakuta kazaliwa baada ya vita ya Kagera. Hakudanganya. Kwake yeye "sisi" ni watu wa pale. Ila yeye sio shahidi wa macho, yeye ni shahidi wa namna kizazi cha pili kinavyolisimulia jambo, na hiyo ni thamani tofauti.

Halafu kuna "walikuja". Nani? Mgambo, vijana wa TANU, askari, bwana shamba? "Walikuja wakavunja" haina mtendaji, ukiandika "serikali ilivunja" umeongeza kitu ambacho mzee hakusema.

Kwa hiyo uwe na maswali matatu ya kudumu mfukoni, uyaulize kwa upole na sio kama polisi:

Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama wapi?
Nani mwingine alikuwepo ambaye bado yupo?
Hilo uliliona au ulikuja kuambiwa?

Onyo: swali la tatu usiliulize katikati ya simulizi, utamkata. Mwache amalize, mnywe chai, ndo urudi nyuma: "Mzee wangu, pale uliposema mtu alikufa ng'ambo ya korongo, ulikuwepo?"

## Hatua ya 4: Andika rekodi neno kwa neno, kisha piga alama kila sentensi

Kuandika rekodi yote kunachosha, saa moja ya mazungumzo inaweza kukula siku nzima, lakini usiandike muhtasari halafu ukauita nukuu. Weka muda pembeni kila dakika mbili tatu. Kama aliongea Kigogo, andika Kigogo kwanza ndo utafsiri, na utaje nani alitafsiri.

Sasa chukua kalamu tatu za rangi. Hiki hapa kipande cha msimulizi namba nne, wakati ule alikuwa kijana ameshaoa:

"Malori yalikuja asubuhi, mie nilikuwa nafunga ndama. Wakatoa vyombo vya mke wangu nje, chungu kimoja kikavunjika. Kule ng'ambo ya korongo nasikia mzee mmoja alikataa wakampiga mpaka akafa. Lakini Nyerere hakuyajua haya, walimficha."

Sentensi mbili za kwanza ni za macho. Utaona zina ndama na chungu, vitu vidogo ambavyo hakuna sababu ya kuvitunga, na yeye mwenyewe yumo ndani ya picha. Vitu vidogo peke yake havithibitishi, maana msimulizi hodari anaweza kupamba, ila vikiambatana na mahali alipokuwa vinaongeza uzito.

Ya tatu ina "nasikia". Kiswahili kimekupa alama bure: nasikia, inasemekana, eti, wanasema, tuliambiwa. Ukiona neno kama hilo kwenye rekodi halafu kwenye dizatesheni limepotea, umeharibu ushahidi kwa mkono wako. Hii ni sentensi ya kufuatilia, nenda ng'ambo ya korongo utafute familia hiyo. Bila hivyo ni uvumi uliokuwepo kijijini, na uvumi nao ni jambo la kuandika, ila kama uvumi.

Ya nne ni hukumu yake. Haikwambii kitu chochote kuhusu Ikulu. Mtu aliyekuwa anafunga ndama Dodoma hawezi kuwa shahidi wa kilichojulikana Dar. Ila inakwambia mengi kuhusu namna watu walivyoweza kukasirikia operesheni huku wakimpenda Mwalimu, na kama sura yako inahusu kumbukumbu, hiyo ndo sentensi ya dhahabu.

Umefanikiwa kama ukifungua ukurasa wowote unaona rangi tatu. Ukurasa wa rangi moja unamaanisha hukusoma kwa makini.

## Hatua ya 5: Hesabu mashahidi upya, wengi wao ni mmoja

Wanafunzi wanapenda kuandika "wasimulizi kumi na wawili walithibitisha". Sawa, lakini hao kumi na wawili walipatikana vipi?

Mimi wiki ya kwanza niliongozwa na mtendaji wa kijiji. Kijana mzuri tu, akanipeleka kwa wazee watano. Wote watano wakaniambia "tulibebwa kama magunia". Nikafurahi, ushahidi umekubaliana! Siku ya pili nikapita jioni chini ya mbuyu nikawakuta wote watano wanacheza bao. Kumbe hiyo hadithi wanaisimulia pamoja miaka na miaka, imesagwa ikawa laini, hadi maneno yamefanana. Hapo sina mashahidi watano, nina hadithi moja yenye midomo mitano.

Dalili ni maneno. Watu waliokuwepo kweli kwenye tukio moja wanakubaliana kwenye jambo ila wanatofautiana kwenye maneno na kwenye upande waliosimama. Wakifanana mpaka msemo, ujue wamekunywa kisima kimoja. Dawa yake ni kutafuta watu wasiokaa pamoja: wanawake kisimani, mtu aliyehamia mjini, mtu wa ukoo mwingine, na mtu aliyekuwa upande wa waliohamisha.

Kuna kisima kingine, cha vitabu, redio na shule. Mfano unaojulikana ni wa Maji Maji. Mganga wa Ngarambe kwenye kazi za wanahistoria anaitwa Kinjikitile Ngwale, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, mhusika akaitwa Kinjeketile, na tamthilia ikasomwa mashuleni. Leo ukienda kusini ukasimuliwa habari za "Kinjeketile", hiyo "e" inatosha kukufanya uulize: mzee, hii uliipata kwa babu au darasani? Inaweza kuwa ni matamshi tu, sisemi umtupe. Nasema uulize.

Na maslahi pia. Pale kijijini watu walikuwa na mahame, yale makazi ya zamani waliyoyaacha, na baadhi ya familia zilikuwa zinadai zirudishiwe. Mwenye madai anapokwambia mpaka wa shamba la babu yake ulifika wapi, sentensi hiyo ina faida kwake, inahitaji shahidi wa pembeni. Ila huyo huyo akikwambia kwamba baba yake alihama mapema kwa hiari ili apate kiwanja karibu na barabara, hiyo inamvunjia madai, na ameisema. Ipe uzito wa juu.

## Hatua ya 6: Linganisha na maandishi, bila kuabudu maandishi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo. Nilikuwa na mikwaruzo mitatu.

Mkwaruzo wa kwanza: CCM. Wasimulizi kadhaa walisema "watu wa CCM walikuja na malori". CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977, wakati wa operesheni chama kilikuwa TANU. Je, ushahidi umekufa? Hapana. Watu wanakiita chama kwa jina lake la leo, kama unavyosema "nilizaliwa Tanzania bara" wakati umezaliwa Tanganyika. Usimrekebishe kwenye nukuu, mwache aseme CCM, wewe weka mabano ya mraba [yaani TANU] na ueleze mara moja kwenye futinoti. Ingekuwa tofauti kama angesema aliona kadi ya CCM yenye tarehe.

Mkwaruzo wa pili: mwaka. Wengine walisema walihama sabini na moja, wengine sabini na nne. Nikadhani nusu wamesahau. Kumbe Dodoma ilikuwa na operesheni yake mapema, 1970 na 1971, hata Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wananchi, na baada ya amri ya Novemba 1973 likaja wimbi lingine la nchi nzima. Nilipopanga kwa kalenda, waliosema sabini na moja wote walikuwa wa upande mmoja wa korongo, na walihama kabla ya Karume kuuawa. Kwa hiyo ni uhamisho mara mbili, na ningewachukua wengi wape ningefuta mmoja. Kabla hujasema shahidi amekosea, jiulize kama mnaongelea tukio moja.

Mkwaruzo wa tatu: moto. Namba saba alisema nyumba yake ilichomwa. Namba nne na namba tisa walisema zilibomolewa, hakuna moto. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe, paa lake ni bapa, miti imepangwa na juu yake udongo. Udongo hauwaki kama nyasi. Nikaanza kufikiri namba saba ameazima moto kutoka kwenye masimulizi ya mikoa mingine, ambako kweli nyumba zilichomwa. Nikarudi kwake, sikumwambia wenzake wamesema nini, nikamuuliza tu: hiyo nyumba ilikuwa ya aina gani? Akacheka. Akasema tembe lilikuwa la baba yake na hilo lilibomolewa, miti wakaibeba kujengea kule walikopelekwa. Yeye alikuwa kijana, alikuwa na kibanda cha nyasi shambani cha kulindia mtama, na hicho ndicho kilichochomwa asirudi kulala huko. Wote watatu walikuwa sahihi. Swali moja la vifaa vya ujenzi limefanya kazi ambayo kura ya wengi isingeifanya.

Na maandishi nayo yapimwe hivyo hivyo. Ripoti ya ofisi ya wilaya inayosema "wananchi wamehamia kwa moyo mkunjufu" imeandikwa na mtu aliyetakiwa kuonyesha kazi imekwenda. Kwa tarehe na idadi ya kaya naiamini kuliko mzee, kwa moyo mkunjufu namwamini yule mama wa kisimani.

Kuna wakati msimulizi amekosea kweli, imethibitika, na kosa lenyewe ndo ushahidi. Mwanahistoria wa Italia Alessandro Portelli alihoji wafanyakazi wa chuma wa mji wa Terni kuhusu kijana Luigi Trastulli aliyeuawa na polisi. Aliuawa Machi 1949 kwenye maandamano ya kupinga nchi yao kuingia NATO, lakini wengi walisimulia kwamba aliuawa 1953, kwenye ghasia za kupinga wafanyakazi kupunguzwa kazini. Portelli hakuwatupa. Akauliza kwa nini kumbukumbu imekihamisha kifo, akaonyesha kwamba kwao kupunguzwa kazi ndiko kulikuwa jeraha kubwa, na kifo kile kilihitaji kukaa mahali pazito. Ila zingatia, aliweza kusema hivyo kwa sababu kwanza alikuwa na tarehe sahihi. Huwezi kufasiri kosa ambalo hujathibitisha kuwa ni kosa.

## Hatua ya 7: Andika sentensi yenye uzito ule ule wa ushahidi

Hii ndo inayowaangusha wengi. Sentensi mbaya: "Mwaka 1974 serikali ilichoma nyumba za wanakijiji (Mahojiano, 2012)."

Sentensi iliyorekebishwa: "Wasimulizi watatu wasiotoka ukoo mmoja wanaeleza kwamba matembe yalibomolewa na miti yake kubebwa kwenda kujengea makazi mapya, mmoja wao anaongeza kwamba kibanda chake cha nyasi shambani kilichomwa ili asirudi. Wote wanaliweka tukio hili baada ya kuuawa kwa Karume na kabla ya njaa kwisha, jambo linaloendana na wimbi lililofuata amri ya Novemba 1973."

Ni ndefu, ndiyo. Ila mkaguzi hana pa kuchomeka kisu.

Vitenzi ndo mizani yako. "Ilitokea" tumia kwa jambo lenye mashahidi wa macho wasiotegemeana, au shahidi mmoja mzuri pamoja na hati. "Kwa maelezo ya msimulizi namba nne, aliyekuwepo" ni kwa shahidi wa macho mmoja. "Kijijini ilisemekana" ni kwa kile kifo cha ng'ambo ya korongo, ambacho mimi sikukithibitisha, familia ilishahama, nikakiandika hivyo hivyo kama uvumi. "Msimulizi anaamini" ni kwa hukumu kama ile ya Nyerere kufichwa.

Vitu ambavyo usivibebeshe mahojiano peke yake ni idadi, tarehe kamili, na nia ya watu ambao msimulizi hakukaa nao. "Malori hamsini" maana yake yalikuwa mengi.

## Hatua ya 8: Sitesheni yenyewe

Kwanza angalia mwongozo wa chuo chako, ukigongana na huu fuata wa chuo.

Mtindo wa Chicago wa futinoti, unaopendwa na watu wa historia: mahojiano ambayo hayajachapishwa yanakaa kwenye futinoti na kwa kawaida hayaingii kwenye orodha ya marejeo.

```
Msimulizi 4, mahojiano na mwandishi, Dodoma Vijijini,
14 Agosti 2012, M04_2012-08-14_a, 00:14:32.
```

Kule kumalizia na jina la faili na dakika hakuna anayekulazimisha, ni utaratibu wangu. Mara ya pili fupisha: Msimulizi 4, mahojiano, 00:21:05.

Kwenye mtindo wa APA ndo kuna mkanganyiko mkubwa. Ile "mawasiliano binafsi" kwenye mabano, yenye tarehe na isiyoingia kwenye marejeo, ni kwa mtu uliyemuuliza jambo pembeni, mfano afisa aliyekujibu kwa simu. Watu uliowahoji kama sehemu ya utafiti wako sio mawasiliano binafsi, hao ni data yako. Unawanukuu ndani ya maandishi kwa namba au jina la kubuni, na sura ya mbinu inaeleza walipatikanaje. Ukiwaweka kama mawasiliano binafsi kwa jina kamili, umevunja na ahadi ya siri.

Mtindo wa MLA wenyewe unaweka mahojiano kwenye orodha ya kazi zilizonukuliwa, kwa jina la aliyehojiwa.

Rekodi ambayo mtu mwingine aliifanya na ipo kwenye maktaba au nyaraka, inukuu kama chanzo cha kawaida: aliyehojiwa, aliyehoji, tarehe, mahali inapohifadhiwa na namba yake. Na kama umesoma andiko tu, hujasikia sauti, sema umesoma andiko.

## Hatua ya 9: Jedwali la wasimulizi kwenye apendiksi

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa kila namba: jinsia, mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, alikuwa wapi wakati wa tukio (aliona, alihadithiwa na mzazi, alikuwa upande wa waliohamisha), tarehe ya mahojiano, lugha, nani aliyekuwepo, na njia uliyompata. Safu ya mwisho usiione haya. Andika kabisa "aliletwa na mtendaji", mkaguzi atakuheshimu zaidi kuliko akigundua mwenyewe.

Angalia pia jedwali lisimfichue mtu. Kijiji kidogo ukiandika "mwanamke, kazaliwa 1948, mjane wa balozi wa kwanza" umeshataja jina lake.

Kisha jipime kabla ya kukabidhi. Mpe mwenzako dizatesheni, achague futinoti yoyote ya mahojiano kwa kufumba macho, na wewe ufungue rekodi mpaka aisikie ile sauti. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, rudi hatua ya pili ukapange mafaili.